Hiyo aya yenu ya mbinu mseto haitetei chochote

Wasee, kuna aya moja imezunguka kampasi za hii nchi kuliko noti ya mia. Nikifungua pendekezo la utafiti la mtu, nikifika sura ya tatu, naikuta imekaa palepale. Inasema hivi, ama kitu cha kufanana na hivi: "Utafiti huu utatumia mbinu mseto kwa sababu mbinu ya kiidadi ina udhaifu wake na mbinu ya kithamano ina udhaifu wake, hivyo kuziunganisha kutaondoa udhaifu wa kila moja." Halafu jina la Creswell, mwaka, nukta. Mwenyewe anaamini amemaliza kutetea muundo.

Mimi nasema hiyo aya haitetei kitu. Ing'oe kwa pendekezo la mtu anayetafiti mahindi Kitale, uiweke kwa la mtu anayetafiti kamari Umoja, hakuna atakayegundua. Na kama sentensi yako inaweza kuhamishwa hivyo bila kubadilisha hata neno moja, basi haizungumzi juu ya utafiti wako. Jopo linajua. Ndio maana ukisimama kutetea, swali la kwanza huwa lile moja: "Kwa nini usifanye sarvei tu?" Unaanza kutetemeka, unarudia ile aya, wanakuandikia "rudi ukarekebishe sura ya tatu". Muhula umeenda, na karo ya muhula mwingine nani analipa? Si jopo.

Na hata hiyo hesabu yake ni mbovu. Udhaifu mbili zikikutana hazifutani. Hojaji iliyoandikwa vibaya ukiongeza na mahojiano ya haraka haraka, unapata hojaji mbovu na mahojiano mabovu, zote kwa bajeti moja ya mwanafunzi.

Sasa nionyeshe utetezi wenyewe unakaaje. Nachukua mada ambayo kila mtu ameisikia nyumbani kwao: SHA. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mtu wa mshahara hana la kuamua, asilimia 2.75 inakatwa kabla hajaona pesa. Lakini mtu wa biashara ndogo anajisajili mwenyewe, anapiga *147#, anajibu maswali kuhusu maisha yake, anapewa kiwango. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria ikaja na sharti la kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni shilingi 3,600 kwa yule wa chini kabisa. Matokeo yake unayajua: watu wengi wamejisajili, halafu hawalipi.

Tuseme beshte yako anataka kutafiti hilo kwa wauza mitumba wa soko moja Nairobi. Kamati ya soko ina orodha ya vibanda 1,200. (Namba zote kuanzia hapa ni za mfano, nimezipanga mimi ili tuone kazi inavyokwenda, usiende kuzinukuu mahali.) Anatumia ile fomula ya Yamane ambayo kila mtu huitumia, na kosa linalokubalika la asilimia 5:

```
n = N / (1 + N * e^2)
n = 1200 / (1 + 1200 * 0.05^2) = 300
```

Anachagua vibanda 300 kutoka kwa orodha bila upendeleo, anazunguka na hojaji. Watu 240 wanakubali kujibu. Kati yao 180 wamejisajili SHA. Kati ya hao 180, waliolipa ni 60.

Hapo sarvei imefanya kazi yake, na imeifanya vizuri: imekuambia ni thuluthi moja tu. Mahojiano hayawezi kukuambia hivyo. Ungehoji watu 16 pekee, hujui kama hao 16 ni kawaida ya soko ama ni wale wanaopenda kuongea. Kwa hivyo kama swali lako lilikuwa "ni wangapi wanalipa", umemaliza. Nenda nyumbani. Usiongeze mahojiano ili pendekezo lionekane nono. Hii naisema kwa sababu kuna wahadhiri wanaosukuma kila mwanafunzi afanye mbinu mseto kana kwamba sarvei peke yake ni chakula bila mboga. Sivyo. Swali la "ngapi" linajibiwa na sarvei, basi.

Lakini angalia kinachofuata. Beshte yako alikuwa na dhana, na ni dhana ya kila mtu: wasiolipa ni wale hawana pesa. Anawagawa wale 180 katikati kulingana na pesa ya mzigo wanayonunua kwa wiki. Tisini wako juu, tisini wako chini. Waliolipa kule juu ni 33. Waliolipa kule chini ni 27. Yaani kati ya watu tisini na tisini, tofauti ni watu sita, na ukipima kitakwimu, tofauti ndogo hivyo inaweza kutokea kwa bahati tu. Pesa haielezi.

Sasa ako na watu 57 wenye mzigo mkubwa ambao hawajalipa, na watu 27 wenye mzigo mdogo ambao wamelipa. Hojaji imenyamaza. Unaweza kuikodolea macho mpaka asubuhi, haina kitu kingine cha kukuambia, kwa sababu ilibeba tu maswali uliyofikiria kabla hujaenda sokoni. Hapa ndipo mahojiano yanapata haki ya kuingia kwa pendekezo. Sababu yake haiko kwa "udhaifu wa mbinu ya kiidadi". Sababu ni kwamba kuna watu 84 mahali fulani sokoni ambao hawajafuata dhana yako, na wao wanajua kwa nini.

Utaniambia: lakini pendekezo linaandikwa kabla ya sarvei, nitajuaje kwamba pesa haitaeleza? Hujui, na hakuna anayekutaka ujue. Kinachotakiwa ni uandike kanuni ya kuchagua. Unasema mapema: nitapanga waliojisajili katika visanduku vinne, mzigo mkubwa na amelipa, mzigo mkubwa na hajalipa, mzigo mdogo na amelipa, mzigo mdogo na hajalipa. Visanduku viwili vinavyoenda kinyume na dhana nitachukua watu sita kila kimoja. Viwili vinavyoendana na dhana nitachukua wawili wawili, wa kulinganisha. Jumla 16. Kama sarvei itaonyesha kwamba pesa inaeleza karibu kila kitu, wale wachache waliopotoka ndio nitawafuata. Hiyo kanuni inafanya kazi matokeo yakienda huku ama kule, na jopo likikuuliza "hao 16 umewatoa wapi?" una jibu.

Linganisha na ile ya kawaida: "Mtafiti atawahoji viongozi watano wa soko." Viongozi wanaingiaje? Hao ni watu wengine, hawakujaza hojaji yako, hawawezi kukueleza kwa nini yule mama wa viatu hajalipa. Watakupa maoni yao kuhusu mama wa viatu. Hizo ni tafiti mbili ndogo zimefungwa kwa jalada moja, na sarvei ikileta kitu cha kushangaza, huna mtu wa kurudia.

Muundo huu una jina, unaitwa muundo fuatanishi wa kueleza: namba kwanza, maelezo baadaye, na ya pili inaanzia pale ya kwanza iliposhindwa. Mfano wake unaotajwa sana ni wa Ivankova, Creswell na Stick, uliochapishwa 2006. Walikuwa wanataka kujua kwa nini wanafunzi wa shahada ya uzamifu ya mtandaoni kule Nebraska wengine wanamaliza na wengine wanaacha. Sarvei ililenga wanafunzi 278, wa sasa na wa zamani. Kisha walihoji wangapi? Wanne. Mmoja kutoka kila kundi: aliyeanza tu, aliye katikati, aliyehitimu, aliyeacha. Na kitu ninachopenda zaidi ni hiki: kwenye mahojiano hawakuuliza tu mambo ambayo takwimu zilisema ni muhimu. Waliuliza pia kuhusu msimamizi wa mwanafunzi, ambaye takwimu zilisema hana uzito, kwa sababu maandishi mengi ya awali yalimpa uzito mkubwa. Namba ikikosa kitu uliyetarajia kukipata, hapo pia kuna swali.

Kuna neno lingine linatumiwa vibaya hadi nahurumia waliolibuni. "Utatuzi wa pembe tatu", wengine huandika "utatu". Kila mtu anasema anachanganya mbinu ili matokeo yathibitishane. Greene, Caracelli na Graham walitenganisha haya mambo tangu 1989. Walitaja malengo matano tofauti ya kuchanganya mbinu, na kuthibitisha ni moja tu kati yao. Kama unataka kuthibitisha, unauliza jambo lilelile kwa njia mbili, bila moja kuongoza nyingine, halafu unaona kama majibu yanakutana. Lakini wewe unarudi kwa watu kwa sababu ya kile sarvei ilisema! Mahojiano yako hayako huru tena. Unataka kueleza na kupanua picha. Sema hivyo. Ukiandika "kuthibitisha" na ratiba yako inaonyesha sarvei mwezi wa kwanza na mahojiano mwezi wa tatu, mtu makini kwenye jopo atakumaliza kwa sentensi moja.

Haya, tukuje kwa kitu ambacho kinaua haya mapendekezo kimya kimya na karibu hakuna mtu anakiandika. Fungua kiambatisho, angalia hojaji. Juu kabisa imeandikwa: "Usiandike jina lako mahali popote." Sawa. Sasa utampataje yule wa mzigo mkubwa ambaye hajalipa? Umekusanya karatasi 240 zisizo na wenyewe. Umeahidi mahojiano ya kufuatilia na umefunga mlango wa kuyafanya kwa mkono wako mwenyewe. Nikitaka kujua kama mtu alifikiria muundo wake ama alitoa kopi, siangalii sura ya tatu. Naangalia mstari wa kwanza wa hojaji.

Dawa yake si ngumu. Kila hojaji inapewa namba, tuseme 001 hadi 300. Mwishoni, kwa karatasi ya pekee, unauliza: "Je, uko tayari tukuongeleshe tena kwa dakika kama 45?" Akikubali, anaandika namba ya simu hapo, na ile karatasi ina namba ileile ya hojaji. Karatasi za simu zinakaa mahali tofauti na majibu, unazisoma tu ukishachagua watu, na unaandika lini utaziharibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi, na kamati ya maadili itataka kuona hii kitu kabla hujafika kwa leseni ya NACOSTI. Fomu ya ridhaa pia iseme awamu zote mbili tangu mwanzo. Mtu alikubali kujaza karatasi, hakukubali kupigiwa simu mwezi mmoja baadaye na mtu anajua biashara yake.

Na usidhani watakupa simu kirahisi. Umemuuliza mtu ananunua mzigo wa pesa ngapi, sasa unataka namba yake. "Kijana, wewe ni wa KRA?" Hilo swali litakuja, jiandae. Wengi watakataa, na hapo kuna hatari halisi: labda waliokubali ni wale walipaji, na wasiolipa wamejificha. Hii unaweza kuikagua, kwa sababu majibu yao ya hojaji bado unayo. Linganisha waliotoa simu na waliokataa: mzigo, umri, wamelipa ama la. Kama wanafanana, sawa. Kama waliokataa wengi ni wasiolipa, andika hivyo kwa ripoti, na usiongee kana kwamba umesikia sauti ya wote. Kuandika mapema kwamba utafanya huo ulinganisho ni mstari mmoja tu kwa pendekezo, na una nguvu kuliko ile aya nzima ya Creswell.

Kuna ujanja mwingine: swali la mwisho la hojaji, "Toa maoni yako yoyote," halafu mtu anaita hiyo sehemu ya kithamano. Bana. Mtu amesimama kibandani, mteja anauliza bei ya koti, ataandika "serikali ituangalie" aendelee na kazi. Hapo hujarudi kwa mtu, hujamuuliza "ulimaanisha nini", hujafuatilia chochote.

Sasa mahojiano yenyewe yanaweza kuleta nini ambacho hojaji haikuweza? Fikiria yule wa mzigo mkubwa. Pengine anakuambia pesa haikosi, lakini haikai. Ikiingia Jumatatu imegeuka mzigo Jumanne, na 3,600 ama zaidi kwa siku moja ni mzigo uliokosa kununuliwa. Hapo tatizo si kipato, ni mpangilio wa malipo, na hayo ni mapendekezo tofauti kabisa kwa mwisho wa ripoti. Pengine mwingine anakuambia alienda hospitali, akaambiwa mfumo uko chini, akatoa pesa mfukoni, akaapa.

Na pengine mama mmoja anakuangalia na kukuambia, "Mimi nilipe nini? Mzee wangu ni mwalimu, anakatwa kila mwezi." Hapo unakaa chini. Kwa sababu mchango wa SHA ni wa familia, huyo mama amelindwa tayari. Kwenye hojaji yako swali lilikuwa "Je, umelipa mchango wako?" akajibu "hapana", na wewe umemhesabu kati ya wale 57 wabishi. Swali lako ndilo lilikuwa na shida. Sasa unaweza kurudi kwa data: kama hojaji iliuliza hali ya ndoa na kazi ya mwenzi, unahesabu wangapi wako kama yeye. Kama haikuuliza, unasema wazi kwamba ile namba ya wasiolipa imejumuisha watu ambao wamelindwa kupitia mwenzi, na hujui ni wangapi. Vyovyote vile, bila kurudi kwa watu ungechapisha 57 kwa kujiamini.

Ndio maana sehemu ya kuunganisha lazima iandikwe kwa pendekezo, isiachwe iwe "matokeo yatajadiliwa pamoja". Chora jedwali la safu tatu kabla hujaenda sokoni. Safu ya kwanza, kile namba zilionyesha. Ya pili, kile watu wa kisanduku hicho walisema. Ya tatu, tunaelewa nini sasa ambacho hatukuelewa kwa safu ya kwanza pekee. Kama ya tatu kila mara inarudia ya kwanza, mahojiano yako hayakuongeza kitu na ni vizuri ujue.

Kuna wale watakaokwambia uchague upande mmoja, kwamba namba na maelezo yanatoka kwa falsafa mbili zisizopatana. Nawaheshimu, lakini yule mama wa mwalimu hana falsafa mbili. Ana jibu moja fupi kwa hojaji na jibu moja refu kwa mahojiano, na yote ni yake. Kubaliana tu na mipaka: watu 16 hawakupi asilimia. Ukiandika "asilimia 62.5 ya waliohojiwa walisema", umegeuza mahojiano kuwa sarvei mbovu ya watu 16. Andika walisema nini na kwa nini, idadi iachie wale 240.

Kwa hivyo aya yako ingesomeka namna hii: "Sarvei itaonyesha ni wauzaji wangapi waliojisajili wanalipa, na kama kipato kinaeleza tofauti hiyo. Haitaweza kueleza kwa nini baadhi ya wenye kipato kikubwa hawalipi na baadhi ya wenye kipato kidogo wanalipa. Kwa hivyo wauzaji 16 walioijibu, waliochaguliwa kutoka visanduku vinne kwa kanuni iliyotajwa hapa chini, watahojiwa baada ya uchambuzi wa sarvei. Mwongozo wa mahojiano ulioambatishwa ni rasimu, na mabadiliko yoyote yatapelekwa kwa kamati ya maadili kabla ya awamu ya pili." Sentensi nne. Jaribu kuihamishia kwa mahindi ya Kitale uone kama itakubali.

Halafu rudi kwa ratiba. Mahojiano 16 ya dakika 45 ni saa 12 za sauti. Saa moja ya sauti, kuiandika neno kwa neno, inakula saa nne hadi sita, na zaidi kama watu wameongea Sheng na redio ya jirani inapiga. Hiyo ni kati ya saa 48 na 72 za kukaa na vipokea sauti masikioni, na kabla ya hapo sarvei lazima iwe imeingizwa na kuchambuliwa, la sivyo huwezi kuchagua mtu hata mmoja. Ratiba niliyoona wiki jana ilikuwa na "kukusanya data: wiki mbili", sarvei na mahojiano zote ndani ya mstari mmoja.